Kusahihisha Hoja au Kusahihisha Fundisho? Tahakiki ya Vigezo vya Insha za Maadili

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika usahihishaji wa insha: tunapomtaka mwanafunzi aamue suala la maadili, alama tunazompa hupima kitu gani? Nimelifikiria sana swali hili tangu nilipoketi Msambweni na walimu wenzangu wawili kusahihisha insha za aina hiyo, tukatofautiana kiasi cha kutia aibu.

Mwongozo tuliouzoea sote ni ule wa karatasi ya Insha katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989. Insha hutolewa alama 20, na alama hizo hugawanywa katika ngazi nne: D kutoka 1 hadi 5, C kutoka 6 hadi 10, B kutoka 11 hadi 15, na A kutoka 16 hadi 20. Msahihishaji husoma insha yote, huihisi uzito wake, kisha huipa ngazi. Kwa swali la methali hutazama pia kama kisa kimezionyesha pande zote mbili za methali hiyo. Kwa kupima ufasaha na ubunifu, mwongozo huu una manufaa yake, wala sikusudii kuubeza. Lakini kisa cha methali huanza na fundisho lililokwisha kuamuliwa. Mtahiniwa haulizwi kama mtaka yote hukosa yote kweli. Anaombwa atuonyeshe akikosa. Hapo kuna usimulizi, na huenda usimulizi ukawa mzuri sana, lakini hakuna uamuzi.

Tuchukue swali tulilolitunga wenyewe, tukaliweka Gazi, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Msambweni. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Hewa ya ukaa ihifadhiwayo na miti hiyo huuzwa kwa hati, na mapato hutumiwa kwa maji, shule na mahitaji mengine ya wanakijiji. Swali letu lilikuwa la kubuni: baba mmoja amekata usiku korja moja ya boriti katika sehemu inayolindwa, aziuze apate fedha za kumpeleka mwanawe hospitali. Jirani yake, mjumbe wa kamati ya mikoko, amemwona. Jirani afanye nini, na kwa nini?

Insha ya kwanza iliandikwa kwa Kiswahili kinachoteleza. Ilianza na sheria ni msumeno, ikafuata asiyefunzwa na mamaye, ikamalizia kwa kumpeleka baba mbele ya kamati. Mtoto mgonjwa alitajwa mara moja tu, katika sentensi ya utangulizi, kisha akasahaulika. Kwa mwongozo wa ngazi insha hii isingeshuka chini ya 14. Insha ya pili upatanisho wake wa kisarufi uliyumba na athari za Chidigo zilionekana wazi. Mwandishi wake alisema jirani asiende kwa kamati usiku ule. Kwanza amsaidie baba kumfikisha mtoto hospitali, na asubuhi waende wote wawili kueleza, boriti zikiwa bado zipo. Kisha akatoa sababu: wanunuzi wa hati wanalipa kwa kuiamini kamati, na mjumbe afichaye jambo moja ameuza imani ya kijiji kizima, lakini kamati iliyoundwa kwa ajili ya watoto wa kijiji haiwezi kudai mtoto mmoja afe ili hesabu yake iwe safi. Akaongeza kwamba lau boriti zingekatwa kwa gharama za harusi, angekwenda kwa kamati usiku uo huo.

Vigezo nilivyopendekeza ni vinne. Cha kwanza ni kuutambua mgongano, alama 4: je, mwandishi amezitaja haki na wajibu zinazovutana, na kila atakayeumia? Cha pili ni sababu, alama 6: je, uamuzi unatokana na sababu zilizotolewa, au umewekwa kando yake tu? Methali huhesabiwa hapa iwapo mwandishi ameeleza kwa nini inafaa kwa jambo hili, kwa kuwa haraka haraka haina baraka na ngoja ngoja huumiza matumbo zote ni zetu. Cha tatu ni pingamizi, alama 5: asiyelitaja hupata 0 au 1, aliyelitaja akalidharau 2 au 3, na aliyelieleza kwa nguvu zake zote akalijibu, au akaurekebisha uamuzi wake kwa sababu yake, 4 au 5. Cha nne ni uthabiti, alama 5: hali ikibadilika, uamuzi unabadilika kwa sababu ile ile? Lugha husahihishwa katika safu yake mbali, isichanganywe na hizi 20.

Kwa vigezo hivi insha ya kwanza ilipata 1, 2, 0 na 1, yaani 4. Ya pili nikaipa 4, 5, 3 na 5, jumla 17. Pingamizi lake halikufika mbali: alikiri kwamba wengine watamwita jirani mshiriki wa wizi, akajibu kwa sentensi moja.

Mwalimu mwenzangu mmoja alikubaliana nami katika safu tatu, lakini katika sababu akatoa 1. Nilipomuuliza alisema, “Ndugu yangu, huyu anahalalisha wizi.” Hiyo ndiyo dalili ya kutazamiwa. Wasahihishaji wakikaribiana katika safu zote isipokuwa moja, na hapo wakaachana kwa alama 3 au zaidi, mara nyingi mmoja wao anasahihisha uamuzi badala ya hoja. Njia ya kulithibitisha ni kutunga insha pacha: sababu zenye uzito ule ule na mpangilio ule ule, ila uamuzi umegeuzwa. Tulitunga pacha ambamo jirani anatoa taarifa usiku ule huku akiiomba kamati itoe gari la kumchukua mtoto. Mwenzangu akaipa 5 katika sababu, kisha akacheka mwenyewe na kuirudia ile ya kwanza.

Hata hivyo yafaa tujihadhari na kosa la upande wa pili. Kohlberg aliyepima namna ya kuhukumu badala ya hukumu yenyewe alitutangulia katika njia hii, lakini alipanga sababu kwa daraja, na juu kabisa akaziweka kanuni za haki zinazowahusu watu wote. Snarey, alipozipitia mwaka 1985 tafiti 45 kutoka nchi 27, alionyesha kwamba sababu za kijumuiya za jamii nyingi hazikupata nafasi iliyozistahili katika daraja hizo. Mwanafunzi wetu aliposema kamati iliundwa kwa ajili ya watoto wa kijiji, hakuwa katika daraja la chini. Alikuwa anataja chimbuko la mamlaka ya kamati. Ndiyo maana kigezo cha pili kinauliza kama sababu inaubeba uamuzi, bila kuuliza ni ya aina gani.

Udhaifu wa vigezo hivi ninaujua. Wanafunzi wakishazoea, hujifunza kuchomeka aya inayoanza na “wengine watasema”, isiyo na kazi yoyote. Msahihishaji aifute aya hiyo kwa jicho: kama insha haikupungukiwa na kitu, pingamizi ni bandia, nalo lipate 1. Lililo gumu zaidi ni insha yenye hoja imara inayofikia ukatili. Kigezo cha kwanza huikamata ikiwa imemsahau aliyeumizwa. Ikiwa haikumsahau, bali imempima na kumwacha, vigezo vyangu vitaipa alama za juu, na mwenzangu yule wa Msambweni bado anashikilia kwamba hatatia sahihi.