Mabati Mia Tatu na Barua Isiyopiga Kelele

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Kapalata, Kisangani, alinijia na simu mkononi. Kwenye WhatsApp kulikuwa na vikumbusho vitatu alivyomwandikia mteja wake: cha tarehe 30 Juni, cha 21 Julai na cha 11 Agosti 2025. Vyote vina alama mbili za buluu, hakuna kilichojibiwa. Chini yake kulikuwa na cha nne, hajakituma bado, kimejaa herufi kubwa. “Papa, nigeuzie hiki kiwe Kifaransa cha wakubwa,” akaniambia. “Na uweke kwamba keshokutwa anaamkia polisi.”

Kifaransa nilimwandikia. Polisi nilimwondoa.

Deni lenyewe lilikuwa safi. Mabati 300 kwa dola 12 kila moja ni dola 3,600. Mteja, kampuni ndogo ya ujenzi, alitoa 1,200 siku ya kuyapokea, tarehe 26 Mei, na kuahidi kumaliza ndani ya siku 30, yaani ifikapo 25 Juni. Zimebaki 2,400. Mama ana faktire na ana karatasi ya kupokea mzigo yenye sahihi ya mtu wa kampuni. Hizo karatasi mbili ndizo zenye nguvu. Barua kazi yake ni kuzipanga zionekane.

Kikumbusho na ilani ya kudai ni vitu viwili, hata vikidai fedha ileile. Kwenye sheria ya mikataba ya Kongo, ile amri ya mwaka 1888 ambayo bado tunaitumia, mdaiwa huhesabiwa mkosaji kwa kuchelewa pale anapotakiwa rasmi kulipa, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema kwamba kupita kwa tarehe peke yake kunatosha. Sheria ya biashara ya Ohada, inayotumika nchini tangu Septemba 2012, inaongeza jambo linalomhusu muuzaji moja kwa moja: katika mauzo kati ya wafanyabiashara, riba ya kisheria ya kuchelewa huanza kuhesabiwa siku ilani inapotumwa. Kwa hiyo kitenzi cha kudai rasmi lazima kiwepo. Ukiandika kwamba unamwomba awe na huruma ya kulipa, umeongeza kikumbusho cha nne tu. Moyo wa barua yetu ulikuwa huu, na kichwa chake kikasomeka vilevile, pamoja na namba ya faktire na kiasi:

```
Objet : Mise en demeure de payer
Facture n° 014, solde de 2 400 USD

Sauf erreur de notre part, ce solde reste impayé
malgré nos rappels des 30 juin, 21 juillet
et 11 août 2025.

Nous vous mettons en demeure de le régler
au plus tard le mercredi 17 septembre 2025.

À défaut, nous nous verrons contraints de saisir
la juridiction compétente, sans autre avis.
```

Tazama nyakati za vitenzi. Mstari wa kudai uko kwenye wakati uliopo, bila “tungependa” wala “tungeomba”. Mstari wa mahakama uko kwenye wakati ujao na umefungwa na sharti: usipolipa, tutalazimika. Anayeandika hatishii, anaeleza njia atakayopita, na anamwachia mwenzake mlango wa kuizuia. Maneno ya mwanzo, yale ya “kama hatukukosea”, Mama aliyaona ni unyonge. Mimi nimeyaacha kwa makusudi, mara moja tu. Yanamwita mdaiwa aseme kama hesabu ina kasoro, na akinyamaza, ukimya wake unazidi kumwelemea.

Tarehe nayo iliniletea mabishano na kijana wa dukani, aliyetaka tuandike “siku nane tangu kupokea”. Kupokea barua pepe ni lini? Ilipoingia, au alipoifungua? Tuliituma Jumatatu tarehe 8, tukampa hadi Jumatano ya wiki iliyofuata, siku yenye jina na namba. Hapo hakuna cha kuhesabu wala kubishania.

Sasa yale niliyoyatoa. Kwanza polisi. Deni la biashara si kosa la jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu imeukubali, unakataza katika ibara ya 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Tishio la namna hiyo linampa mdaiwa karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ndiye anayeonewa. Pili, riba ya asilimia 10 kwa mwezi ambayo Mama aliiongeza kwa hasira. Haimo kwenye faktire wala hawakupatana. Ohada ina njia ya haraka ya kumwomba rais wa mahakama amri ya kulipa, lakini deni liwe la hakika, lijulikane kiasi chake na muda wake uwe umefika. Ukichanganya 2,400 isiyo na ubishi na riba uliyojitungia, umelitia doa deni lililokuwa safi. Tatu, jina. Rasimu ilimtaja bosi mwenyewe, lakini aliyenunua ni kampuni, na jina lake na namba yake ya RCCM vimo kwenye faktire. Ilani ikaandikiwa kampuni.

Kuhusu ushahidi, Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki kama ya karatasi, mradi mwandishi ajulikane na maandishi yasiwe yamechezewa. Ndiyo maana tulituma kutoka anwani ya duka, si simu ya mpwa, tukaambatanisha faktire na karatasi ya mzigo, na ujumbe wenyewe umebaki kwenye kompyuta kama ulivyotoka. Picha ya kioo cha simu haitoshi. Hata hivyo nakala ya karatasi ilipanda toleka hadi biro ya kampuni ikarudi na muhuri wa kupokelewa. Kisangani muhuri bado unaheshimiwa kuliko kompyuta, na sioni aibu kulisema.

Liko jambo ambalo barua hii haiwezi, na wengi hawalijui. Madai ya mauzo ya kibiashara chini ya Ohada hufa baada ya miaka miwili, na ilani haisimamishi saa hiyo. Mama angeweza kuandika ilani kumi nzuri hadi Juni 2027 ipite na deni lake lizeeke. Saa inakatwa na kesi mahakamani, au na mdaiwa mwenyewe akikiri kwamba anadaiwa, kisha inaanza upya. Hapo ndipo utulivu wa lugha unapolipa. Barua ya matusi hujibiwa kwa matusi, au kwa kimya. Ukiona jibu linazungumzia maneno yako badala ya mabati, ujue barua imeshindwa. Mtu asiyetukanwa ana la kujibu moja tu: deni.

Jibu liliingia siku ya sita. Kampuni ilianza kwa kulalamika kwamba mwenye jengo naye hajawalipa, jambo lisilomhusu Mama hata kidogo. Kisha ikaandika:

```
Nous reconnaissons le solde de 2 400 USD
et sollicitons un règlement en deux tranches.
```

Mama alisoma mstari wa pili akakunja uso: awamu mbili tena! Nikamwonyesha neno la pili la mstari wa kwanza. Tulikubali awamu kwa maandishi, tukaweka tarehe mbili, na tukaongeza kwamba awamu moja ikikosekana, kiasi chote kilichobaki kinadaiwa papo hapo. Dola 1,200 za kwanza zililetwa dukani asubuhi ya tarehe 17. Mama alizihesabu mara mbili, akaandika risiti, akaniuliza kama barua ya awamu ya pili naweza kuianza leo.