Mkasi wa Mwalimu na Andiko Mama

Mwalimu hapangi andiko la mradi kwenye kompyuta. Huomba lichapwe upande mmoja tu wa karatasi, kisha hulitandaza barazani juu ya jamvi, akachukua mkasi na kulikata aya kwa aya. Vipande huvihamisha huku na huko, kila kimoja akikiwekea kokoto juu yake upepo usije ukakichukua. Vijana wa kikundi hukaa pembeni wakijizuia kucheka, maana kazi hiyo simu zao zingeifanya kwa vidole viwili. Baada ya muda hakuna anayetaka kucheka tena. Mwalimu ameshainua kipande kimoja na kuuliza, kwa upole wa mtu aliyesahihisha insha za darasa la saba maisha yake yote, "Hii, wanangu, inajibu swali gani?"

Walikuwa wamemletea andiko la kurejesha mikoko katika mashamba ya mpunga yaliyoachwa kwenye delta ya Rufiji. Lilikuwa andiko zuri, la maneno kama 3,100, lililofuata mpangilio tuliofundishwa sote: utangulizi, historia ya kikundi, hali ya eneo, tatizo, malengo, mbinu, shughuli, bajeti, hitimisho. Fomu ya mfadhili ilikuwa na mpangilio wake: muhtasari kwa maneno 150, tatizo 400, matokeo 300, shughuli na ratiba 500, uwezo wa kikundi 200, hatari 150, uendelevu 200. Jumla ni maneno 1,900. Katibu wa kikundi, kijana mwepesi, alikwisha kuanza kunakili na kubandika: historia akaitia kwenye tatizo kwa kuwa zote zinakuja mwanzoni, na kisanduku kilipojaa akafuta mkia. Baba yake ndiye aliyemshika mkono akamleta barazani.

Kabla ya kugusa mkasi, Mwalimu alisoma tangazo la mwito mpaka mwisho, hadi kwenye jedwali la alama ambalo wengi hulipita. Hapo ndipo siri ya mpangilio ilipo. Matokeo yalikuwa na alama 30 kati ya 100, na andiko lao lilikuwa limeyapa mistari mitano. Uwezo wa kikundi ulikuwa na alama 10, nao walikuwa wameuandikia ukurasa na nusu: tarehe ya kusajiliwa, majina ya waasisi, mgeni rasmi wa siku ya uzinduzi. Msomaji wa maombi hasomi kama anavyosoma barua ya ndugu. Ana karatasi ya alama mkononi, anafika sehemu ya tatu, anatafuta jibu la sehemu ya tatu. Asipolikuta hapo harudi nyuma kulitafuta kwenye historia. Anaandika alama ndogo na kuendelea, na lile jibu zuri lililo ukurasa wa pili haliokoi kitu.

Wakubwa nao wamepitia njia hiyo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazofadhili tafiti nyingi hata katika nchi zetu, ndizo zilizopunguza maelezo ya utafiti ya maombi yao makuu kutoka kurasa 25 hadi 12 mwaka 2010, na wakati huohuo zikayapanga upya yafuate vigezo vya wapimaji: umuhimu, ubunifu, mbinu. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe una sehemu tatu katika andiko na vigezo vitatu katika upimaji, kwa majina yaleyale. Kurasa zinazozidi ukomo huko hazisababishi ugomvi wowote. Zinafichwa tu, mpimaji asizione. Aliyeweka hoja yake bora ukurasa wa mwisho ameiandikia hewa.

Baada ya jedwali, Mwalimu alichukua penseli na kuandika namba ya sehemu pembeni mwa kila aya. Aya iliyopata namba moja tu ilikwenda mahali pake. Iliyopata namba mbili ilikatwa katikati. Isiyopata namba haikutupwa; iliingia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha hiyo nitaizungumzia tena. Aya moja ndefu ya mbinu ilisema kwamba akina mama watakusanya mbegu za mikoko, kwamba walijifunza kazi hiyo kwa maofisa misitu, na kwamba wataendelea kuuza miche kwa vijiji jirani mradi ukiisha. Kwa jicho la haraka ni aya moja yenye mtiririko. Mwalimu aliona humo shughuli, uwezo na uendelevu, akaikata mara mbili. Sehemu ya uendelevu, ambayo vijana walidhani hawana cha kuiandikia, ikapata uhai kutoka kwenye nusu ya sentensi.

Sehemu ya hatari ndiyo iliyobaki tupu kabisa, jamvi likionekana. Katibu akasema, "Shida Mwalimu, sisi mradi wetu hauna hatari." Mwalimu hakumbishia. Alirudi kwenye vipande vya shughuli akasoma kimoja kwa sauti: kila aina itapandwa mahali pake, mlilana upande wa bahari na mkoko ndani zaidi. "Na mkikosea?" Wakajibu kwa pamoja, kwa sababu walikwisha kuona yaliyotokea kwingine: mkoko ukipandwa mbele kabisa, penye mawimbi, miche hung'olewa na maji au hufa. Basi hatari walikuwa nayo, na kinga yake pia. Ilikuwa imevaa nguo za shughuli.

Kuhamisha aya huacha majeraha ambayo kompyuta haiyaoni. Andiko la kwanza liliitambulisha Kamati ya Maliasili ya kijiji katika historia, na baadaye likaiita "kamati" tu. Historia iliposhuka hadi sehemu ya tano, msomaji alikuwa akikutana na "kamati" tangu sehemu ya pili bila kujua ni ya nini: ya harusi, ya shule, ya msikiti? Maneno "kama tulivyoeleza hapo juu" sasa yalielekeza kwenye jambo lililo chini. Dawa ya Mwalimu ni kumpa mtu ambaye hajawahi kuliona andiko alisome kuanzia sehemu ya kwanza, akinyoosha mkono kila anapokwama. Siku ile alikuwa mke wake. Alinyoosha mkono mara nyingi kuliko vijana walivyopenda.

Hapo ndipo maneno yakaanza kupunguzwa, kwa kuwa kupunguza kabla ya kupanga ni kukata usichokijua. Malenga hakuwahi kuishitaki mizani kwamba imembana; alijua mshororo una mahali pake pa kuishia, akatafuta neno litakalotosha. Mwalimu hupunguza kwa moyo huo. Vijana walikuwa wameandika: "Katika kipindi hiki cha miaka kadhaa iliyopita, wananchi wa maeneo haya wamekuwa wakikabiliwa na changamoto mbalimbali zinazohusiana na upungufu wa samaki na kaa." Maneno 23. Akawauliza tatizo ni nini hasa, wakamwambia kwa mdomo, naye akaandika walivyosema: "Kaa na samaki wamepungua tangu mikoko ilipokatwa." Maneno saba, na sentensi fupi imebeba kitu ambacho ile ndefu haikuwa nacho: sababu. Mara nyingi maneno ya ziada katika maandiko yetu ni heshima tunazompigia mfadhili mlangoni, na yeye yuko ndani anasubiri habari.

Lakini mkasi huo una makali pande zote mbili. Shughuli zilisema kikundi kitapanda miche 15,000 katika hekta sita, mita mbili kati ya mche na mche kila upande, yaani 2,500 kwa hekta. Bajeti ilitaja miche 18,000. Mpimaji angeona nini hapo? Angeona uzembe, au jambo baya zaidi. Mwalimu aliuliza miche 3,000 inakwenda wapi, na katibu akakumbuka: walikisia mche mmoja kati ya mitano utakufa na kuhitaji kurudishiwa. Sentensi hiyo ilikuwemo katika andiko la kwanza. Yeye mwenyewe aliifuta alipokuwa akipunguza shughuli, kwa kuwa ilikuwa ndefu. Ikarudishwa, ila si kwenye shughuli ambako nafasi ilikuwa imekwisha. Ilikaa kwenye hatari, mahali palipokuwa na nafasi na panapoifaa zaidi. Ndiyo maana Mwalimu huishika kila tarakimu kwa kidole na kuifuata kutoka matokeo hadi shughuli, hadi ratiba, hadi bajeti, baada ya kila upunguzaji. Hesabu isipolingana, karibu kila mara kuna sentensi iliyouawa njiani.

Muhtasari uliandikwa mwisho ingawa unakaa mwanzo, sentensi moja au mbili kutoka kila sehemu, pasipo ahadi ambayo ndani haimo. Kisha kila kitu kilihesabiwa upya ndani ya fomu yenyewe, maana fomu nyingine huhesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati yake, na andiko lililotosha kwenye kompyuta hukatwa mkia likifika kule.

Sijui ni wangapi waliobaki wenye subira hii. Siku hizi andiko humiminwa kwenye visanduku kama lilivyo, na kisanduku kikigoma hufutwa kilicho karibu na kidole. Mwito mwingine ukitoka hakuna anayelitafuta andiko la kwanza. Hunakiliwa fomu ya mwaka jana, iliyokwisha kupunguzwa kwa ajili ya mfadhili mwingine mwenye maswali mengine, nayo hupunguzwa tena. Hii ndiyo sababu ya ile bahasha ya kaki. Mwalimu huhifadhi humo andiko zima la mwanzo, analoliita andiko mama, pamoja na kila kipande kilichokosa namba, tarehe na jina la mwito vikiwa vimeandikwa juu. Kwa mfadhili mpya huanza na andiko mama, kamwe si na mtoto wake. Historia ndefu iliyoonekana mzigo safari hii huenda ndiyo itakayoulizwa na anayefuata, kwa maneno 600.

Vikundi vingi havina bahasha. Andiko lao limepita kwenye visanduku vingi hata limebaki mifupa: jamii, changamoto, uwezeshaji, wanufaika. Majina ya vijito yametoka, mlilana na mchu vimekuwa "miti", akina mama wanaokusanya mbegu wamekuwa "makundi maalumu". Ungeweza kulipeleka Lindi au Kigoma pasipo kubadilisha kitu ila jina la wilaya. Kisha majibu huja kwamba maombi hayakuonyesha hali halisi ya eneo, na kikundi hunung'unika kwamba wafadhili hawaijui delta, ilhali delta hiyo waliifuta wenyewe miaka miwili iliyopita ili kuokoa maneno sitini.