Kisu ya Mama: Uhakiki wa Majibu ya Mazoezi

Kitabu tunachokihakiki hapa tulikitumia Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, ambamo wakimbizi wengi wametoka Kongo na Burundi. Mazoezi yake ni mazuri. Kasoro yake iko katika kurasa za mwisho, penye majibu.

Tutazame zoezi moja la 'a' unganifu. Lilipokuwa na maswali kumi, majibu yake yalikuwa: cha, ya, wa, ya, cha, cha, vya, vya, wa, la. Katika toleo la pili swali la nne, lililohusu maziwa ya ng'ombe, liliondolewa. Maswali yaliyobaki yakajipanga upya yenyewe katika kompyuta huko Lilongwe. Majibu, ambayo namba zake zilichapwa kwa mkono, hayakuguswa.

Matokeo yake ni haya. Swali la nne sasa ni kisu cha mama, lakini jibu lasema 'ya'. La tano ni kikapu cha bibi, na jibu ni 'cha': sahihi, ila kwa bahati tu, kwa kuwa kisu na kikapu ni wa ngeli moja. La sita, viti vya shule, limepewa 'cha'. La saba, vyombo vya jikoni, limesalimika kwa bahati ile ile. La nane na la tisa yamekosewa, na jibu la kumi halina swali. Basi msahihishaji aliyeonja swali la kwanza, la tano na la saba angeapa kwamba zoezi zima ni salama.

Ubaya wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Katika Kiswahili cha miji ya mashariki ya Kongo, 'kisu ya mama' ni usemi wa kila siku. Mwanafunzi ajisomeaye peke yake aliandika 'cha', akafungua majibu, akakifuta. Kitabu kimemrudisha pale alipoanzia.

Kuhesabu majibu kungeifichua kasoro hii. Lakini lau swali jipya lingaliongezwa mwishoni, hesabu ingalilingana na kosa lingalibaki. Kwa hiyo sisi twashauri wasahihishaji wawili. Mmoja afanye zoezi lote bila kutazama majibu. Kisha mwenzake amsomee majibu yaliyochapwa, moja moja, naye ayatie ndani ya sentensi na kuitamka nzima. Sikio halitaivumilia 'viti cha shule'. Kazi hiyo ifanywe baada ya badiliko la mwisho la maswali; ikifanywa kabla yake, ni bure.

Tena, majibu yasichapwe neno moja moja. Yaandikwe 'kisu cha mama', siyo 'cha' peke yake. Hapo namba zikihama, msomaji mwenyewe ataona kwamba jibu alilolikuta si la swali lake, naye hatafuta alichokiandika kwa usahihi.