Ukuta wa mawe Katindo: kuandika patano ambalo halijakamilika

Katika mtaa wa Katindo, mjini Goma, viwanja vingi hutengwa kwa kuta za mawe meusi ya volkano. Ukuta wa namna hiyo haung'oki kirahisi, kwa hiyo majirani wakishindana juu yake, jambo hufika kwa shefu wa avenyu kabla ya kufika mahakamani. Hapa nachambua kumbukumbu ya kikao kimoja cha usuluhishi kilichorekodiwa kwa sauti. Kikao chenyewe ni mfano uliotungwa kwa mafunzo, ila sheria na taratibu zilizomo ni za kweli.

Majirani wanaoshindana ni wawili: Mama anakaa upande wa kushoto, Papa upande wa kulia. Kila mmoja ana sertifika, yaani hati ya usajili, inayosema kiwanja chake kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 25. Papa ndiye aliyejenga ukuta kati yao. Mama anadai ukuta umeingia kwake upande wa nyuma.

Msuluhishi alianza kwa kutaja tarehe na waliopo, kisha akamwomba kila mmoja aseme kwa sauti yake kwamba anakubali kurekodiwa. Ndipo wote wakaenda kupima. Kabla ya kuvuta mita walikubaliana kwamba kila kipimo kitaishia katikati ya unene wa ukuta. Bila kauli hiyo, ukuta wa sentimita 40 ungezaa ugomvi mpya wa sentimita 20 kila upande.

Upande wa barabara, borni zote zilionekana, na kila kiwanja kilitoa mita 20 kamili. Upande wa nyuma, borni ya katikati haikuonekana. Kwa Mama zilipatikana mita 19.40, kwa Papa mita 20.20.

Hapo ndipo mwandishi mwenye haraka angeandika: "Papa amechukua sentimita 60." Vipimo havisemi hivyo. Papa amezidi kwa sentimita 20 tu. Jumla ya nyuma ni mita 39.60, wakati hati mbili zinahitaji mita 40. Sentimita 40 haziko kwa yeyote kati ya hawa wawili. Huenda mpaka wa jirani mwingine, kushoto au kulia, umesogea. Huenda upimaji wa kwanza ulikosea. Mita ya mkononi haiwezi kuchagua kati ya sababu hizo, na msuluhishi pia hana ruhusa ya kuchagua. Aliandika namba zote nne na kuacha nafasi ya maelezo.

Kosa la pili lilikaribia kutokea kwenye maneno. Papa alisema: "Mama jirani, wakati nilikuwa najenga, ulikubali." Mama akajibu: "Papa, sikusema kitu." Rasimu ya kwanza iliandika kwamba Mama alikubali ujenzi. Aliposomewa, alikataa. Sauti ikarudishwa, na sentensi ikagawanywa: Papa anasema alipewa ruhusa, Mama anasema alinyamaza. Kunyamaza kukaenda kwenye orodha ya yanayobishaniwa.

Kumbukumbu ya mwisho ina sehemu mbili.

Yaliyokubaliwa na wote: borni za barabarani ziko mahali pake; ukuta ulijengwa na Papa; vipimo vilichukuliwa wote wakiwepo; ukuta hautabomolewa wala kuinuliwa mpaka mpimaji wa serikali afike; gharama ya mpimaji wataigawana nusu kwa nusu.

Yanayobaki kubishaniwa: borni ya nyuma ilikuwa wapi, kama Mama aliwahi kuruhusu ujenzi, sentimita 40 zimekwenda wapi.

Ilisomwa yote kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikiendelea, kisha wahusika, mashahidi na shefu wa avenyu wakatia sahihi kila ukurasa.

Mpaka wa nguvu ya karatasi hiyo lazima ujulikane. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya serikali, na haki ya mtu kwenye kiwanja kilichosajiliwa inathibitishwa na hati ya usajili. Sahihi za majirani hazibadilishi hati hiyo. Kazi ya kuirekebisha ni ya mhifadhi wa hati za ardhi. Wakishindwa kabisa kupatana, mahakama yao ni tribinale ya grande instance, kwa sababu tribinale ya pe hushughulikia migogoro ya ardhi inayofuata mila, na kiwanja chenye hati hakimo humo.

Kwa hiyo kazi ya kumbukumbu hii ni kumwelekeza mpimaji. Hatahitaji kupima tena barabarani kwa sababu ya ugomvi huu. Ataanzia kwenye pembe ya nyuma, na atawaita majirani wa pande zote mbili za nje, ambao hawakuwemo kikaoni lakini vipimo vimewafikia.