Wavu wa roshani na paka wa ghorofani

Mwaka 1987 madaktari wa mifugo Whitney na Mehlhaff walichapisha hesabu ya paka 132 walioanguka kutoka maghorofani na kufikishwa katika hospitali moja ya wanyama jijini New York. Kwa wastani walikuwa wameanguka ghorofa tano na nusu, na asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Kilichovuma zaidi ni jambo jingine: majeraha yaliongezeka hadi ghorofa ya saba, kisha yakapungua. Tangu hapo wapo wanaoamini kwamba paka wa ghorofa ya kumi yuko salama kuliko wa ya nne.

Dosari iko kwenye namna hesabu ilivyokusanywa. Paka anayekufa papo hapo hapelekwi hospitali, anazikwa. Kwa hiyo huenda waliotoka juu sana walikuwa wameshachujwa na kifo kabla daktari hajawaona. Mwaka 2004 watafiti wa Zagreb walichapisha hesabu ya paka 119, na kwao walioanguka kutoka ghorofa ya saba kwenda juu ndio walioumia vibaya zaidi, hasa kifuani. Zaidi ya nusu ya paka wote hao walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Huo ndio umri wa kumrukia ndege bila kutazama kilichopo chini yake.

Ni kweli paka hujigeuza hewani akatua kwa miguu. Lakini miguu haimalizi kishindo chote; kidevu na kifua hufuata, taya huvunjika, kaakaa hupasuka, mapafu huchubuka. Paka aliyeanguka akainuka na kwenda kujificha uvunguni hajapona. Akipumua mdomo wazi, au tumbo likipanda na kushuka kwa nguvu, alazwe juu ya ubao au taulo lililokazwa na apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo. Hata asipoonyesha dalili hizo, apimwe.

Paka wa nyumba ya chini akitoka hukutana na magari, mbwa na mapigano, lakini njia ya kurudi anaijua. Wa ghorofani hana njia hiyo. Ndiyo maana namshauri mwenye fleti amweke ndani kabisa, kisha aigeuze roshani iwe sehemu ya ndani, yenye jua na upepo.

Tuchukue roshani ya ghorofa ya nne, mji wa pwani. Mbele ni mita 3.2, ubavu mmoja ulio wazi ni mita 1.2, na kutoka juu ya ukuta mfupi hadi dari ni mita 1.7. Wavu mmoja unaozunguka kona utakuwa na urefu wa mita 4.6 na kimo cha mita 1.9, ukiongeza sentimita kumi kila upande. Ufike darini. Wavu unaoishia nusu ni ngazi tu: paka ataupanda na kuangukia nje.

Matundu yasizidi sentimita tatu kama kuna kitoto cha paka. Chagua wavu wa polithini wenye mafundo, uliotengenezwa kustahimili jua, maana uzi mmoja ukikatika fundo huzuia tundu lisipanuke. Wavu wa kuvulia wa uzi mwembamba usiutumie: unamnasa paka, na jua huuchosha haraka.

Ndoano zikae kila sentimita 30, zifungwe kwenye zege la boriti na la ukuta, wala si kwenye plasta au tofali lenye uwazi ndani. Tundu la ndoano likae angalau sentimita tano kutoka ukingoni, la sivyo zege humeguka. Kwenye ndoano pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa chumvi ya bahari hula waya wa kawaida, kisha shona wavu kwenye waya huo tundu kwa tundu. Ukimaliza, sukuma ngumi kila mahali pembezoni. Ikipata upenyo, kichwa cha paka kitapata pia.

Sehemu inayosahauliwa ni chini: tundu la kutolea maji, na nafasi kati ya vyuma vya ukingo. Vizibe kwa wavu wa chuma, maji yaendelee kupita.

Madirisha nayo yana mtego wake. Wavu wa mbu kwenye fremu ya kuteleza huzuia mbu tu; paka akiuegemea kwa uzito wote, fremu hutoka kwenye reli na yeye nayo. Nondo za dirisha zinazoacha sentimita kumi hazimzuii. Fungia wavu wa chuma kwenye nondo hizo kwa waya, kwa upande wa ndani, ili uweze kuukagua bila kuning'inia nje.

Ukaguzi wenyewe ni mfupi. Vuta nyuzi za upande unaopigwa na jua la mchana; zikiacha unga vidoleni, wavu umekwisha. Na ukiona mchirizi wa kutu chini ya ndoano, ing'oe na utoboe mahali papya.