Jedwali Lisilobahatisha

Kichanganuzi tabiri husoma usemi kutoka kushoto kwenda kulia, kikiona tokeni moja tu iliyo mbele yake. Hakijaribu njia ikishindikana kikarudi nyuma. Kwa tokeni hiyo moja lazima kiamue kanuni ya kutumia, na uamuzi huo wote huandaliwa mapema ndani ya jedwali. Sarufi zinazokubali kusomwa hivi, ambazo Lewis na Stearns walizieleza mwaka 1968, huitwa LL(1). Nipendacho hapa ni utulivu wa kulijaza jedwali hilo kwa kalamu, na sarufi hii ndogo ya kujumlisha na kuzidisha inatosha kuuonyesha:

```
E  -> T E'
E' -> + T E' | ε
T  -> F T'
T' -> * F T' | ε
F  -> ( E ) | id
```

Kwanza hutafutwa vianzio: tokeni zinazoweza kutangulia katika chochote kinachozaliwa na kila kigeu. Ni vizuri kuanzia chini. F huanza kwa `(` au `id`. T huanza na F, na F haiwezi kuwa tupu, kwa hiyo vianzio vyake ni vilevile; E nayo hupokea vya T. E' huanza kwa `+` au hutoweka, T' huanza kwa `*` au hutoweka. Kutoweka huko ndiko `ε`.

Vifuasi ndivyo vinavyodai subira, maana hapa tunauliza ni tokeni gani inaweza kukaa mara tu baada ya kigeu. E ndiyo mwanzo wa sarufi, hivyo hufuatwa na `$`, alama ya mwisho wa maandishi. Na kwa kuwa iko ndani ya mabano kwenye kanuni ya F, hufuatwa pia na `)`. E' hukaa mwishoni mwa E, basi hurithi zote mbili. Sasa itazame T. Baada yake ipo E', kwa hiyo inapata `+`. Lakini E' inaweza kutoweka, na ikitoweka, kilichokuwa kinaifuata E kinagusana na T moja kwa moja. Hivyo vifuasi vya T ni `+`, `)` na `$`, na T' iliyo mwishoni mwake inavirithi vyote. F inaongeza `*` juu ya hivyo vitatu. Kisha unazipitia kanuni tena tangu juu, na unaacha pale tu mzunguko mzima usipoongeza kitu. Mwisho huo lazima ufike, kwa sababu seti hukua tu na idadi ya tokeni ina kikomo.

Kujaza sasa ni kazi nyepesi. Kila kanuni huandikwa chini ya vianzio vya upande wake wa kulia. Ikiwa upande huo unaweza kutoweka, huandikwa pia chini ya vifuasi vya kigeu chake. Safu mlalo ya T' inatoka hivi:

```
      id   +    *       (    )    $
T'    -    ε    * F T'  -    ε    ε
```

Jedwali zima lina visanduku 30, na 13 tu ndivyo vyenye kanuni. Vitupu 17 vina kazi pia: kichanganuzi kikiangukia kimojawapo, maandishi yana kosa mahali hapohapo.

Kosa la kawaida la mjazaji ni kuipa T `+` na kusahau kwamba E' hutoweka. Hapo `)` na `$` hazifiki kwa T', na jedwali linakataa hata `id` peke yake: F inaisha kusomwa, T' inakutana na `$`, na kisanduku ni kitupu. Ndiyo maana mimi hupima safu ya T' kwa semi tatu fupi, `id`, `id + id` na `( id )`. Kila moja inagusa `ε` tofauti ya T'.

Jedwali humsahihisha pia mtunga sarufi. Andika jumla kwa umbo linalokuja haraka akilini:

```
E -> E + T | T
```

Kanuni zote mbili zina vianzio `(` na `id`, hivyo zinagombea visanduku vilevile, na sarufi si LL(1). Ndiyo sababu E' iliundwa. Umbo hilo jipya lina gharama yake: mti wa usemi hulalia kulia. Ukiongeza kutoa, `8 - 3 - 2` ikikokotolewa kwa kuufuata mti huo itatoa 7 badala ya 3, kwa hiyo anayeandika kompaila hana budi kulibeba jibu la kushoto hadi ndani ya E' kabla ya kuendelea. Kila kisanduku kikibaki na kanuni isiyozidi moja, umethibitisha kwa kalamu kwamba hakuna usemi wa sarufi hii wenye miti miwili.