Rangi Isiyo na Amonia: Ipime kwa Mvi, Usiipime kwa Harufu

Mteja anayeomba rangi ya nywele isiyo na amonia huwa anataka mambo mawili kwa pamoja: nywele zisikatike na mvi zisionekane. Boksi humwahidi yote mawili. Ahadi ya kwanza si ya kweli kila mara, na ya pili inategemea rangi aliyochagua. Mtu anayeijua kazi hii anaweza kutambua hayo kabla hajachanganya chochote.

Kwanza tujue amonia inafanya nini. Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana. Amonia ina ualkali, na ualkali huuvimbisha unywele mpaka magamba yanaachana. Hapo chembe ndogo za rangi, ambazo bado hazijaiva, hupenya hadi ndani. Huko zinakutana na peroksaidi, zinaungana na kuwa kubwa, na zikishakuwa kubwa haziwezi tena kutoka kirahisi. Peroksaidi hiyohiyo, ikisaidiwa na ualkali, hufifisha weusi wa asili wa nywele. Kwa hiyo amonia ina kazi mbili, kufungua njia na kusaidia kufifisha. Kinachoziba mvi ni chembe za rangi zilizoungana ndani. Mvi haina weusi wa kufifisha.

Ushahidi wa hilo uko katika maduka yetu ya vipodozi. Ile rangi nyeusi ya unga inayokorogwa na maji tu haina amonia, wala haina chupa ya pili ya peroksaidi. Ndani ya unga huo huwa mna chumvi, mara nyingi perborati, ambayo ikilowana hutoa peroksaidi. Wazee wengi wameutumia kwa miaka, na mvi zao huwa nyeusi tii. Anayedai kwamba mvi haizibiki bila amonia hajautazama unga huo vizuri.

Suala la madhara linahitaji uangalifu zaidi. Rangi ya kudumu haiwezi kufanya kazi bila ualkali, kwa hiyo amonia ikiondolewa lazima kiwekwe kingine. Mara nyingi hicho ni ethanolamini. Amonia ni gesi. Inachoma pua na macho, lakini wakati rangi iko kichwani sehemu yake kubwa hupeperuka. Ethanolamini haipeperuki. Ndiyo maana hainuki, na ndiyo maana hubaki kwenye unywele mpaka isuuzwe kwa maji mengi. Mwaka 2014 jarida la chama cha wanakemia wa vipodozi wa Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha viwili hivyo kwenye nywele za binadamu. Ethanolamini ilipowekwa kwa wingi, iliuharibu unywele kuliko amonia. Kwa kiasi kidogo ina upole, lakini mtengenezaji anayetaka ing'arishe nywele kama amonia hulazimika kuiongeza, na hapo upole huisha.

Basi boksi ligeuze, usome nyuma. Viambato huandikwa kuanzia vile vilivyo vingi, ingawa vile vya kiasi kidogo sana huweza kupangwa vyovyote. Ukiikuta ethanolamini karibu na mwanzo, baada ya maji na mafuta mazito, ujue imewekwa ya kutosha. Kisha tafuta nguvu ya peroksaidi. Kwa kuziba mvi kwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyokoza, asilimia 6, ambayo kwenye chupa huandikwa namba 20, inatosha. Ya asilimia 9 au 12 inahitajika kwa anayetaka nywele ziwe nyepesi kuliko zake za asili, na madhara mengi huanzia hapo. Rangi isiyo na amonia iliyochanganywa na peroksaidi ya asilimia 12 inaweza kuwa kali kuliko ya amonia iliyochanganywa na ya asilimia 6.

Tuchukue mteja mmoja. Ni mama mwenye nywele nyeusi zilizowekwa dawa ya kulainisha. Mvi zimejaa mapanjani na mbele, na nyuma ni chache. Anataka kahawia iliyokoza. Nywele zenye dawa zimekwisha kufunguliwa na dawa yenyewe, ambayo ualkali wake unazidi sana ule wa rangi, kwa hiyo zinanyonya upesi. Huyu hahitaji amonia. Isiyo na amonia yenye peroksaidi ya asilimia 6 inamfaa, mradi ziwe zimepita wiki mbili tangu alipowekwa dawa. Anza kupaka mapanjani na mbele, kwa sababu mvi za hapo ni kaidi, na upake kwa unene. Rangi iliyopakwa nyembamba hukauka, na ikikauka kazi husimama. Ziachie mvi muda kamili ulioandikwa. Kama ana ncha zilizopakwa rangi zamani, usizipake upya, kwani zina rangi tayari na ndizo dhaifu kuliko zote.

Mteja huyohuyo akibadili nia na kutaka kahawia nyepesi, hesabu inageuka. Sasa nywele zake nyeusi lazima zififishwe huku mvi zikipewa rangi, na mara nyingi isiyo na amonia itakuachia mizizi yenye wekundu na mvi zinazong'aa katikati yake. Kwa nywele za asili zisizo na dawa, amonia hushinda hapo. Kwa nywele zenye dawa, jibu la uaminifu ni kumkatalia.

Jinsi mvi zilivyozibwa usiihukumu ndani ya saluni. Mtoe mteja nje kwenye jua, uinue nywele za mapanjani, utazame zile zilizo karibu na ngozi. Rangi nzuri hufanana kuanzia mzizi, na mvi haing'ai kama uzi wa nailoni. Hukumu ya pili hutolewa baada ya kuosha mara kadhaa. Ikiwa mvi zimerudi kuwa za manjano au nyekundu hafifu, basi ulipewa rangi ya muda iliyoandikwa "bila amonia". Hiyo huupaka unywele kwa nje, au hupenya kidogo tu, na haifai kuuzwa kama rangi ya kudumu.

Madhara nayo hupimwa kwa mkono. Chukua unywele mmoja uliolowa, uuvute polepole. Wenye afya hurefuka kidogo kisha hurudi. Ukinyumbuka kama bazoka bila kurudi, au ukikatika mara moja, umeumia, na hapo kama boksi liliandikwa "bila amonia" au la si hoja. Kwa sababu ethanolamini haiondoki yenyewe, suuza mpaka maji yawe meupe kabisa, kisha tumia shampuu na kondishena za nywele zilizopakwa rangi, ambazo huwa na asidi kidogo ya kuyalaza magamba.

Lipo jambo ambalo neno "bila amonia" haligusi kabisa. Rangi nyingi nyeusi, za unga na za krimu, zina PPD, na hiyo ndiyo inayowavimbisha watu uso na kuwatoa malengelenge. Watu wa pwani waangalie zaidi, kwa sababu piko nyeusi ya harusini mara nyingi ina kemikali hiyohiyo, na aliyewahi kuwashwa na piko anaweza kuumia vibaya akipaka rangi kichwani. Huyo asipake kabisa mpaka amwone daktari wa ngozi. Wengine wote wapakwe kidogo nyuma ya sikio na wasubiri saa 48, hata kama boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina amonia.